Kanuni za kubandika nafasi ya kazi humu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ujumbe huu umekaa juu kabisa kwa sababu haipiti wiki bila mtu kunifuata pembeni akiuliza tangazo lake limefutwa kwa kosa gani. Grupu letu ni la nafasi za kazi Tanzania Bara, kuanzia muuza duka hadi mhasibu mkuu, na kanuni ni zilezile kwa wote. Mwajiri, soma kabla hujabandika. Na wewe unayetafuta kazi usiruke, kwa maana ukijua tangazo linatakiwa kusema nini utajua pia ni swali gani la kuuliza pale lisiposema.

Kwa kifupi, tangazo lazima liwe na nini?

Mambo manane:

- Jina la mwajiri kama lilivyosajiliwa, na jina la kibaoni kama ni tofauti.
- Cheo, na kazi zenyewe mtu atakazofanya kwa siku ya kawaida.
- Mahali pa kazi, hadi kata au mtaa. "Dar" peke yake haitoshi.
- Aina ya mkataba na muda wake, pamoja na miezi ya matazamio kama ipo.
- Siku na saa za kazi.
- Mshahara kwa tarakimu, na kama ni ghafi au ni wa mkononi.
- Sifa zinazohitajika kweli kwa kazi hiyo.
- Namna ya kuomba, nani anapokea maombi, na tarehe ya mwisho.

Kipimo changu ni hiki: mtu aliyesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto asome tangazo lako na aamue aombe au aache, bila kupoteza salio kukupigia.

Haya mambo manane umeyatoa wapi? Au ni matakwa ya admini tu?

Mengi yametoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: maelezo ya kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa, na marupurupu mengine kama yapo. Sheria haisemi yawekwe kwenye tangazo. Hiyo sehemu ni yangu. Lakini mwajiri ambaye atalazimika kuyaandika siku ya kwanza kazini anayajua tayari siku anayotangaza, na kama hayajui basi hajawa tayari kuajiri.

Jina la mwajiri na namna ya kuomba nimeyaongeza kwa sababu ya matapeli. Nitafika huko.

Mwajiri hataki jina lake lionekane. Nifanyeje?

Kuna sababu mbili za kweli za kuficha jina, nazo nazijua. Ya kwanza, kuna mtu bado amekalia kiti hicho na hajaambiwa kwamba anaondoka. Ya pili, wewe ni wakala wa ajira na unaogopa waombaji wataenda moja kwa moja kwa mteja wako. Kwa wakala, weka jina lako wewe na namba ya leseni yako ya uwakala, taja aina ya biashara ya mteja na eneo, na uandike kwamba jina litatolewa kwa watakaoitwa kwenye usaili, kabla ya usaili wenyewe. Hilo nalipitisha. Kwa mwajiri anayetaka kumtoa mtu kimyakimya sina msaada, atafute njia nyingine.

"Kampuni kubwa inayokua kwa kasi" naifuta bila kuuliza.

Kwa msomaji: jina lililoandikwa kamili unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara. Usishtuke ukikuta kibao cha duka kinasema hivi na usajili unasema vile, ni jambo la kawaida na ndiyo maana naomba yote mawili. Ila kuona jina BRELA kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba jina hilo lipo. Hakuthibitishi kwamba aliyebandika tangazo ametumwa na kampuni hiyo. Matapeli wenye akili hawabuni kampuni, wanaazima iliyopo, tena yenye jina. Kwa hiyo tafuta simu ya ofisi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ile iliyoandikwa kwenye tangazo iache kwanza, piga uulize idara ya utumishi kama nafasi hiyo ipo. Ikiwezekana, nenda mapokezi.

Kwa nini unakataa "mshahara maelewano"?

Kwa sababu maelewano yanahitaji pande mbili zenye taarifa, na hapa upande mmoja hauna. Mtu anatoka Chanika kwenda Mbezi kwenye usaili, anapoteza siku na nauli, halafu anaambiwa laki na nusu. Angejua angebaki nyumbani. Kama una nafasi ya kupanda na kushuka, andika kiwango: "450,000 hadi 550,000 kulingana na uzoefu." Mwombaji ataelewa, na wewe utabaki na nafasi yako ya kujadili. Chini yake pawe na sakafu: kuna amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na tangazo lililo chini ya kima cha sekta yake halikai humu hata kama mwombaji mwenyewe amekubali.

Kwenye ghafi na mkononi ndiko ugomvi unakotokea mwisho wa mwezi wa kwanza, kwa hiyo tupige hesabu kabisa. Chukua tangazo la mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mshahara 500,000 ghafi.

Kwanza inatoka michango ya NSSF. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Hiyo ni 50,000, inabaki 450,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye hiyo iliyobaki. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, na kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kilichozidi kwa huyu ni 180,000, kwa hiyo kodi ni 14,400. Mkononi inabaki 435,600.

Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na bado anadaiwa, mwajiri atamkata pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 75,000, na atabaki na 360,600. Mwajiri hana kosa hapo, lakini kijana aliyesoma "laki tano" na kupokea laki tatu na sitini ataamini kwamba ametapeliwa. Neno moja tu, "ghafi", lingemwandaa.

Upande wa pili, kuna waajiri wanaokata vitu visivyostahili kukatwa. Tozo ya ujuzi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri, havitakiwi kuonekana kama makato kwenye hati yako ya mshahara. Ukiona tangazo linasema "makato yote ya kisheria ni juu ya mfanyakazi", nitumie.

Nimeandika mshahara. Kwa nini bado unataka saa za kazi?

Kwa sababu mshahara bila saa ni nusu ya bei. Turudi kwa mtunza stoo wetu. Duka linafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na mapumziko ya chakula ni saa moja. Ukiondoa chakula zinabaki saa 9 kwa siku. Mara siku 6 ni saa 54 kwa wiki.

Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kwa siku, duka hili liko sawa. Kwa wiki limezidisha saa 9. Si kosa lenyewe, kwa sababu saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano ilimradi zisipite 50 katika wiki nne, na hapa ni 36. Lakini lazima zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Mshahara wa mwezi ukitaka kuujua kwa saa, unaugawa kwa 195, ambayo ni wastani wa wiki 4.333 za mwezi mara saa 45. Laki tano kugawa kwa 195 inatoa kama 2,564 kwa saa, na ya ziada inakuwa kama 3,846. Kwa mwezi saa za ziada ni wastani wa 39. Ukizidisha unapata 150,000.

Yaani tangazo lile la 500,000, kwa saa zile, kisheria ni kazi ya 650,000. Waajiri wengi wa madukani hawajawahi kuipiga hesabu hii, wanaona wamelipa vizuri. Ndiyo maana naomba saa ziandikwe: mwajiri mwenyewe akiziandika anaanza kujiuliza. Mmoja baada ya kuandika aliamua kufunga saa 9 na nusu Jumamosi na kufungua saa 2 na nusu siku nyingine. Hakupoteza wateja wengi hivyo, kwa maneno yake.

"Saa za kazi ni hadi tutakapofunga" haikubaliki. "Zamu" peke yake pia haikubaliki, sema zamu inaanza na kuisha lini, na kama kuna ya usiku. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Wanaotangaza nafasi za ulinzi wa saa 12 kwa siku saba za wiki, msinitumie kabisa. Mtu anastahili angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki.

Mameneja wana utaratibu tofauti, kanuni hizi za saa haziwahusu kwa namna hiyo. Lakini msimamizi wa duka anayeitwa "meneja" kwenye tangazo huku anafagia, anauza na kufunga milango sitamhesabu kama meneja, na sidhani kama afisa kazi atamhesabu.

Kazi za kamisheni zinaruhusiwa?

Zinaruhusiwa zikijitaja. Kichwa cha tangazo kiseme "kamisheni tupu" kama hakuna mshahara wa msingi, halafu ueleze asilimia ngapi ya nini, na inalipwa lini: mteja akisaini, au mteja akilipa? Wauzaji wa bima na viwanja wanajua tofauti ya hayo mawili. "Kipato hadi milioni 3 kwa mwezi" siyo mshahara, ni ndoto ya mtu mmoja aliyeuza sana mwezi mmoja.

Mpango wa kuleta watu chini yako ili ulipwe kwa vichwa vyao si ajira. Unajulikana haraka: tangazo linasema kazi ya ofisini, hakuna sifa, kila aliyeomba ameitwa, na siku ya kwanza ni semina.

Makato ya hasara yaandikwe?

Kwa kazi ya kushika hela au mzigo, ndiyo. Keshia, mhudumu wa baa, mtunza stoo, dereva wa kusambaza bidhaa: wote hawa hukatwa "shoti" mwisho wa mwezi, na wengi huanza kazi bila kuambiwa. Sheria hairuhusu kukata kiholela. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri ampe kwa maandishi sababu na kiasi na namna kilivyopatikana, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Keshia watatu wanaotumia droo moja hawawezi kugawana shoti kwa sababu tu hakuna anayejulikana. Tangazo likisema "hasara yoyote inagawanywa kwa wafanyakazi wote wa zamu", linafutwa.

"Awe binti, mrembo, miaka 18 hadi 25, asiwe na mtoto." Kuna tatizo gani? Duka ni langu.

Duka ni lako, lakini kifungu cha 7 cha sheria ileile kinakataza ubaguzi kwa jinsia, umri, ujauzito, hali ya ndoa, wajibu wa kifamilia, dini, kabila, mahali mtu alikotoka, ulemavu, VVU na mengine, na kinasema wazi kwamba mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mfanyakazi na kwamba matangazo ya kazi yamo ndani yake. Hiki ndicho kifungu kinachofutisha matangazo mengi kuliko chochote humu.

Kuna ruhusa pale sifa inapotokana na asili ya kazi yenyewe. Mlinzi wa kuwapekua wanawake mlangoni awe mwanamke, sawa. Matroni wa bweni la wasichana, sawa. Keshia wa mgahawa hana sababu ya kuwa binti, wala dereva hana sababu ya kuwa Mkristo au Mwislamu. Ukiona sifa yako haipiti, jiulize unataka nini hasa. Mwenye duka aliyeandika "kijana wa kiume mwenye nguvu" alichotaka ni mtu wa kubeba saruji. Basi aandike: "awe na uwezo wa kunyanyua mfuko wa kilo 50 mara nyingi kwa siku." Akitokea dada anayeweza, ameweza.

"Tuma picha ya mwili mzima" inafuta tangazo na inakutoa humu siku hiyohiyo.

Na uzoefu, je?

Andika unaohitajika kweli. Miaka mitano kwa kazi ya kupokea simu ni kuwafukuza watu. Kwa kazi zenye leseni, taja leseni yenyewe: daraja la leseni ya udereva, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa muuguzi, na kadhalika. Hapo hakuna mjadala.

Tunachaji elfu kumi tu ya fomu. Nayo ni kosa?

Humu, ndiyo. Hakuna hela ya fomu, ya usaili, ya mafunzo, ya sare, ya vipimo vya afya, ya "kufungua faili" wala ya kitambulisho. Mwajiri anayehitaji mtu apimwe afya ampime kwa gharama yake. Wakala anayetafutia kampuni watu alipwe na kampuni. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu mawakala binafsi wa ajira, Na. 181 wa mwaka 1997, unalisema hilo kwa mwelekeo huohuo: wakala asimtoze mfanyakazi.

Niwaeleze utapeli huu unavyokwenda, kwa sababu ukiujua mpangilio wake unautambua hata ukibadilishwa nguo. Tangazo linatumia jina la shirika kubwa au mgodi. Nafasi ni nyingi, sifa ni kidato cha nne, mshahara ni mkubwa kuliko kawaida ya kazi hiyo. Unatuma jina na namba. Baada ya muda mfupi unapata ujumbe kwamba umechaguliwa, bila usaili wowote. Halafu inakuja hela ya kwanza, ndogo, elfu kumi au kumi na tano. Udogo wake ni makusudi: hakuna anayekwenda polisi kwa elfu kumi. Ukishalipa umejionyesha kwamba unalipa, kwa hiyo inafuata ya vipimo, kisha ya sare, kisha ya nauli ya gari la kuwachukua pamoja. Kila hela inaambatana na muda mfupi: "leo kabla ya saa 10, orodha inafungwa." Inaendelea hadi uanze kuuliza maswali, na hapo namba haipatikani.

Mahali pa kumkamatia ni pale pa kulipa. Ukiweka namba kwenye simu kabla ya kuthibitisha, mtandao unakuonyesha jina la mwenye laini. Ukiona jina la mtu binafsi wakati unaambiwa unalipa kampuni, bonyeza kughairi. Ni ile ile "tuma kwenye namba hii", imevaa tai tu. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ambayo ni ya bure, kisha niletee skrinishoti nimtoe.

Kuna dalili nyingine isiyohusu hela, na kwa akina dada ina uzito zaidi: usaili unaofanyika gesti, au "njoo stendi nitakuja kukuchukua". Tangazo linalotaja usaili litaje ofisi, mtaa na saa ya mchana.

Ninaruhusiwa kuomba nakala za kitambulisho na vyeti?

Wakati wa kuomba, omba wasifu na barua. Vyeti uvione kwa wachache uliowaita. Namba ya NIDA na akaunti ya benki ziombwe kwa aliyepata kazi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu, kwa hiyo ukiwa nayo pamoja na jina, simu na nakala ya cheti, una mtu mzima mkononi. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu anazozihitaji kwa lengo alilolisema. Kukusanya NIDA za waombaji mia tatu kwa nafasi mbili hakupiti hapo.

Na msiziweke nyaraka zenu humu ndani ya grupu, jamani. Kila siku kuna anayebandika cheti cha kidato cha nne kikiwa na picha na namba ya mtihani mbele ya watu wote.

Mimi nimefowadi tu. Lawama ni zangu?

Ukibandika, ni tangazo lako. Weka chanzo, na ufungue chanzo mwenyewe kwanza. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia `www.ajira.go.tz`, na maombi huingizwa kwenye `portal.ajira.go.tz`, bila malipo. Kwa hiyo tangazo la "nafasi serikalini" lenye namba ya mtu ya WhatsApp halina cha kuchunguzwa. Kagua herufi za kiungo moja moja, kinachohesabika ni kile kilicho mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya `https://`: `ajira.go.tz` ni ya serikali, `ajira-go-tz.com` ni ya mtu yeyote aliyenunua.

Kosa la kawaida zaidi si utapeli, ni uchakavu. Tangazo la mwaka juzi limekatwa tarehe na kuzungushwa upya. Ndiyo maana bila tarehe ya mwisho, yenye mwaka, halikai.

Kazi za Oman, Saudia na Dubai?

Kwa wakala mwenye leseni ya Tanzania tu, na tangazo liongeze mambo haya: mji, mshahara kwa sarafu ya huko, nani analipa tiketi ya kwenda na kurudi, na aina ya viza. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Anayekwambia utasafiri kwa viza ya kutembelea "kisha itabadilishwa hukohuko" anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na haki ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Na kwa kazi za majumbani katika nchi zinazotumia mfumo wa kafala, ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri, kwa hiyo ukitofautiana naye huhami kama unavyohama nyumba ya Sinza. Omba mkataba kwa lugha unayoisoma kabla hujaondoka, acha nakala nyumbani.

Hoteli iko Nungwi. Naweza kubandika?

Unaweza, lakini andika "Zanzibar" kwenye kichwa. Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Hesabu na vifungu nilivyotaja hapa ni vya Bara, usimpigie navyo kelele mwajiri wa Nungwi. Taja pia kama malazi yapo, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila anayevuka.

Natafuta dada wa kazi za nyumbani. Kweli niandike mambo manane?

Jina la ukoo na mtaa vinatosha badala ya usajili. Mengine yote andika, hasa kama analala hapohapo au anarudi kwao, nyumba ina watu wangapi, na siku yake ya mapumziko. Sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Humu nimepandisha hadi 18 kwa kazi ya kulala kwa mwajiri, na sijadili.

Nionyeshe tangazo lililokataliwa na likapita.

Lililokataliwa lilikuwa hivi: "NAFASI ZA KAZI HARAKA!!! Kijana mchapakazi anahitajika stoo ya hadwea Dar. Mshahara mzuri. Awe mwaminifu na anayejituma. Piga sasa, wa kwanza ndiye atakayepata." Jina hakuna, mahali hakuna, mshahara hakuna. Sifa alizotaja, uaminifu na kujituma, kila mtu ataapa anazo.

Lilipita hivi, nimeondoa utambulisho tu:

"Mtunza stoo, nafasi 1. Mwajiri: (jina la leseni ya biashara, kibaoni linasomeka hivi). Mahali: Mbezi Luis, kata ya Mbezi, Dar es Salaam. Kazi: kupokea mzigo na kuuhesabu, kuandika leja, kutoa bidhaa kwa oda, kuhesabu stoo kila Jumamosi. Mkataba wa mwaka 1, matazamio miezi 3. Jumatatu hadi Ijumaa saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, Jumamosi saa 2:30 hadi saa 7:30 mchana. Mshahara 500,000 ghafi, NSSF inalipwa, chakula cha mchana kipo. Sifa: kidato cha nne, ajue kuandika leja, aweze kunyanyua kilo 50. Fika dukani na barua na wasifu, umuone msimamizi, siku za kazi saa 4 hadi saa 6 mchana. Mwisho: (tarehe na mwaka). Hakuna malipo yoyote."

Hesabu saa zake: 8 kwa siku tano ukitoa chakula, na 5 za Jumamosi. Ni 45 kamili.

Nafasi ikijaa nifanye nini?

Jibu tangazo lako mwenyewe kwa neno "Imejaa" na nitalifuta. Usipofanya hivyo utaendelea kupigiwa, na mimi nitaendelea kuulizwa.